"Haikufika" si "haijafika": jedwali la wageni lirekebishwe

Mhariri,

Toleo lenu lililopita lilikuwa na ukurasa wa Kiswahili kwa wageni, na ndani yake jedwali la kukanusha vitenzi. Linapendeza kwa macho, ila safu moja imenikera. "Nilikula" na "nimekula" zote mbili zimekanushwa kwa umbo moja, "sikula", na chini yake pana maelezo kwamba tofauti baina ya nyakati hizo ni ndogo. Mimi hufundisha wageni Kiswahili hapa Amu. Naomba nafasi niseme kwamba tofauti hiyo si ndogo hata kidogo, na kwamba ndiyo inayowaponza wanafunzi wangu kuliko nyingine yoyote.

Kiingereza hukanusha kwa neno moja lisilobadilika, linalokaa baada ya kitenzi kisaidizi. Wakati ukibadilika, kisaidizi ndicho kinachogeuka. Neno la kukana liko palepale. Kwetu sisi kukana huingia ndani ya kitenzi chenyewe na kukipangua. "Ninasoma" inakuwa "sisomi", na irabu ya mwisho imegeuka. "Nilisoma" inakuwa "sikusoma": "li" imeondoka, "ku" imeshika nafasi yake. "Nimesoma" inakuwa "sijasoma". Ni "nitasoma" tu iliyotulia na alama yake ya wakati, "sitasoma". Mwanafunzi aliyezoea neno moja hulitafuta hilo moja, akaona ni "si", akalibandika mbele ya kila kitu. Ndipo tunaposikia "silisoma" na "simesoma".

Hayo hayana madhara. Anayesikiliza hucheka kidogo, akaelewa, mambo yakaendelea. Kosa la hatari ni lile lisilosikika kama kosa: sentensi iko sawa kisarufi, matamshi yametimia, lakini aliyeambiwa ameelewa jambo jingine kabisa.

Mfano ninaoutumia darasani ni huu. Mwanafunzi mmoja alikuwa akikaa kwa familia moja hapa Langoni. Asubuhi mama mwenye nyumba, aliyekuwa akingoja magunia ya mchele kutoka Mokowe, akamwambia, "Mwanangu, hebu nenda jetini uniangalilie kama mashua imefika." Kijana akaenda, akatazama, akarudi mbio na jibu lake: "Mama, haikufika." Mwenye punda alikuwa amekaa barazani anangoja kazi. Mama akamwambia, "Basi ami, nenda zako, leo hakuna mzigo." Mwenye punda akaenda kubeba mawe ya ujenzi wa mtu mwingine. Mashua iliingia baada ya adhuhuri, magunia yakashushwa, na punda wa kuyachukua hakupatikana mpaka jioni.

Kijana alishangaa kuona mama amenuna. Yeye alisema kweli: alifika jetini, mashua haipo. Lakini "haikufika" haisemi hivyo. Inasema muda wa kufika umekwisha na kufika hakukutokea, hesabu imefungwa. Alichotakiwa kusema ni "haijafika", yaani mpaka dakika hii haipo, lakini bado inatazamiwa. Kwa neno hilo mama angemwambia mwenye punda avute subira.

Kwa nini alikosea? Si uvivu. Kiingereza nacho kinazo nyakati mbili hizo, uliopita na timilifu, na Mwingereza akisema kwa uangalifu huzitenganisha. Lakini Mmarekani, katika mazungumzo ya kila siku, mara nyingi hutumia wakati uliopita hata kwa jambo linalongojewa, akaongeza neno la "bado" mwishoni, na kwake ni sahihi kabisa. Huyu kijana alikuwa Mmarekani. Alifikiri kwa lugha yake, akatafsiri kitenzi, na neno la "bado" likamponyoka njiani. Tangu hapo wanafunzi wanaotoka Marekani huwapa mazoezi ya ziada ya "ja", na sioni haya kuwabagua kwa hilo.

Kipimo ninachowapa ni chepesi. Jaribu kutia "bado" baada ya kitenzi. "Haijafika bado" inakubali. "Haikufika bado" inagoma ulimini. Kisha jaribu "jana". "Jana haikufika" ni sawa. "Jana haijafika" si sawa, kwa sababu jana imekwisha na hakuna cha kungojea ndani yake. Neno gumu ni "leo", maana leo hukubali yote mawili, na hapo ndipo mwanafunzi hulazimika kuacha kutazama saa na kutazama jambo lenyewe. Mwezi wa Ramadhani hunisaidia sana kulifafanua. Mtu aliyeamka mgonjwa, ukimkuta saa nne asubuhi, atakwambia "leo sikufunga". Siku bado ndefu, jua halijafika hata utosini, lakini saumu huanza alfajiri, na alfajiri imeshapita. Hawezi kusema "sijafunga" kana kwamba ataanza saa tano. Mtu huyohuyo kabla ya magharibi atasema ndugu zake "hawajafuturu", kwa kuwa adhana inangojewa. Siku moja, maumbo mawili.

Ukipanua kipindi hadi umri mzima, kanuni ni ileile. Kijana akiulizwa kama ana mke atajibu "sijaoa". "Hakuoa" tunalisema kwenye matanga, tukimzungumzia marehemu. Mgeni wa miaka 25 anayejibu "sikuoa" huwafanya wazee wamtazame kwa huruma, wakidhani kuna mkasa. Vilevile, mwenye kutaka kusema kwamba maishani mwake hajapata kuiona Malindi aseme "sijafika Malindi" au "sijawahi kufika Malindi". Akisema "sikufika Malindi", tutamuuliza gari liliharibikia wapi.

Lipo na jambo la kuitikia swali lililokanushwa. Tuseme mama angemuuliza kijana, "Haijafika?" Mwingereza ambaye mashua hakuiona hujibu kwa neno la kukataa, maana anaangalia jambo: mashua haipo. Mswahili kwa kawaida huitikia kauli ya muulizaji: "Ndiyo, haijafika", yaani ulivyosema ndivyo. Kwa hiyo mwanafunzi akijibu "hapana" peke yake, wapo watakaoelewa kwamba anampinga muulizaji na kwamba mashua imeshafika. Nimeona wanafunzi wakipotezwa na hili hata baada ya miaka. Dawa yake ni kuachana na "ndiyo" na "hapana", ukarudia kitenzi chenyewe: "haijafika". Hata sisi wenyewe hufanya hivyo tukitaka kuwa wazi, au tunasema "bado" tu, ikatosha.

Sasa nije kwenye kosa ambalo jedwali lenu halikuligusa, nami naliona ndilo tamu kuliko yote: "kabla". Kiingereza, baada ya neno la "kabla", hutumia kitenzi kisichokanushwa. Sisi hutumia "ja" ya kukana. "Niliondoka kabla mashua haijafika." Mantiki yake ni nzuri ukiitazama: wakati ninaondoka, hali ya mashua ilikuwa nini? Ilikuwa haijafika. Mwanafunzi anayetafsiri kutoka kwao huandika "niliondoka kabla mashua ilifika", nasi masikio yanatuuma. Anayetafsiri kwenda kwao hufanya kinyume, akaibeba "haijafika" nzima akaitia katika Kiingereza, na msomaji wa huko akabaki kujiuliza mashua ilifika au haikufika. Hapa kanuni ni kwamba "ja" hiyo isitafsiriwe kama kukana. Anayeogopa kuteleza atumie "kabla ya kufika", nayo ni sahihi, ingawa haina ladha ileile.

Angalia pia kwamba katika "niliondoka kabla haijafika" tumo ndani ya wakati uliopita, lakini "ja" haikugeuka kuwa "ku". Hiyo ni kwa sababu "ja" haijali jambo ni la lini. Inajali kama lilikuwa likingojewa. Ndiyo maana tunasema "nilipofika jetini mashua ilikuwa haijafika". Wanafunzi hupenda kukanusha kile kisaidizi cha mbele, wakasema "haikuwa imefika". Tutawaelewa, lakini mtu wa hapa hukiacha cha mbele, akakana cha pili.

Mahali pamoja tofauti hii hutupotea sisi wenyewe, na ni haki niseme. Tukitumia kirejeshi, "mzigo usiofika", alama ya wakati hutoweka kabisa: huenda ni mzigo ambao haufiki, au haukufika, au haujafika. Muktadha ndio huamua. Mfanyabiashara anayeandika hati ya madai asiridhike na "usiofika". Aandike "ambao haujafika" au "ambao haukufika", maana wa kwanza anauulizia na wa pili anaudai fidia.

Tukirudi kwenye jedwali, "kula" haikuwa mfano wa kuchagua. Vitenzi vya silabi moja vina "ku" yao wenyewe, ambayo huonekana katika "nilikula" na "nimekula". "Ku" ya "sikula" si hiyo. Ni alama ya wakati uliopita, na ndiyo maana haturudii tukasema "sikukula", kama wanafunzi wengi wafanyavyo. Katika "sijala" na "sili" hakuna "ku" yoyote. Mgeni anayeanza na "kula" anachanganya "ku" mbili kabla hajajua hata moja. "Kuja" nayo ina mitego yake: "hakuja", "hajaja", na wakati uliopo "haji", ambapo ukimtaja jirani yangu utasema "Haji haji leo" na darasa zima litapoteza nusu saa. Isitoshe, Kiamu chetu husema "kuya", kwa hiyo mgeni aliyefunzwa Kiswahili sanifu asishtuke akiambiwa "hakuya". Ni "hakuja" hiyohiyo. Na kwa wale wanaoniuliza kila muhula: "sijambo" haina "ja" hii. Ni "si" na "jambo".

Ombi langu ni dogo. Katika toleo lijalo safu hiyo igawanywe mbili, na mfano uwe "kufika": "nilifika", "sikufika", "nimefika", "sijafika". Chini yake ongezeni mstari mmoja wa "kabla sijafika". "Kula" na "kuja" wekeni katika kisanduku chao pembeni. Wanafunzi wangu wamekwisha kulikata jedwali la zamani na kulibandika ukutani, na ningependa kuwapa jipya kabla muhula haujaanza.

Mwalimu wa Kiswahili kwa wageni,
Langoni, Lamu