Saa yenu ikinyamazishwa sauti, inanyamazisha na mtetemo

Mwoka mikate,
Morogoro.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Saa Janja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KENGELE YA MTETEMO KATIKA SAA YENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kiziwi tangu utotoni, nilipougua homa ya uti wa mgongo, na kazi yangu ni kuoka mikate. Nilinunua saa yenu kwa shilingi 185,000 kwa sababu moja tu: kwenye boksi mmeandika kwamba inakumbusha kwa mtetemo. Sikuhitaji ya kuhesabu hatua wala ya kupima mapigo ya moyo. Nilihitaji kitu cha kuniamsha usiku na kunigusa mkono mkate unapokuwa tayari ndani ya oveni.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana bila hivyo hamtaona hasara iko wapi. Unga naukanda saa tano usiku, natia hamira kidogo ili uumuke polepole. Saa tisa na nusu natakiwa niwe nimesimama, niukate, niupange kwenye mabati na kuwasha oveni, ili wenye vibanda vya chai wakute mikate saa kumi na mbili asubuhi. Joto la Morogoro halisubiri mtu. Nikichelewa kwa muda wa saa mbili, unga unakuwa umepanda ukashuka wenyewe, umelegea na una harufu ya uchachu. Mkate wake unatoka bapa, na mwenye kibanda akishaukataa anakwenda kwa mwokaji mwingine, na pengine harudi.

Mwanzoni saa ilifanya kazi vizuri. Ilipofika 03:30 mkono ulitetemeka mfululizo mpaka nikabonyeza kitufe, nikaamka. Nilifurahi sana. Kisha binti yangu, ambaye anasikia, akaniambia kwa alama kwamba kila usiku saa yangu inapiga kelele na kuwaamsha yeye na wadogo zake. Na kanisani pia ilikuwa imelia katikati ya mahubiri, watu wakageuka kunitazama, mimi nisijue kwa nini. Basi nikaingia kwenye mipangilio nikashusha sauti mpaka sifuri. Kiziwi yeyote angefanya vivyo hivyo. Sauti kwangu haina kazi, na kibaya zaidi ni kwamba siwezi kujua inapowasumbua wengine.

Alfajiri iliyofuata niliamka kukiwa kumekucha na unga umeharibika wote. Kwenye kioo cha saa kulikuwa na maandishi kwamba kengele ya 03:30 imepita.

Mdogo wangu ni fundi wa simu. Tulikaa naye tukaijaribu saa hatua kwa hatua, na ninyi mnaweza kurudia haya haya hapo ofisini kwenu. Vaeni saa, tegesheni kengele ya dakika mbili mbele, acheni sauti ikiwa juu. Itatetemeka kwa dakika nzima, ipumzike, kisha irudie baada ya dakika tano. Sasa shusheni sauti hadi sifuri, msiguse kitu kingine chochote, mtegeshe tena. Itatetemeka mara mbili fupi, muda wa kufumba na kufumbua, halafu inanyamaza moja kwa moja bila kurudia. Mipangilio ya mtetemo inaonyesha bado umewashwa, tena kwa nguvu ya juu kabisa. Kwa hiyo mteja akiangalia haoni kosa lolote.

Kwa maoni yangu tatizo halimo kwenye mota. Limo kwenye dhana ya aliyeandika programu. Yeye ameamua kwamba mtu aliyezima sauti hataki kusumbuliwa, hivyo akampunguzia na mtetemo ili amfanyie hisani. Kwa mtu anayesikia aliye kwenye kikao, hiyo ni hisani kweli. Kwangu mimi ni sawa na kunizimia kengele. Hakufikiria kwamba kuna mtu ambaye mtetemo ndio kengele yake yenyewe, si nyongeza ya sauti.

Na ile mitetemo miwili haitoshi hata kama mtu yuko macho. Ninapokanda unga kwa mashine, mikono yote na meza vinatetemeka. Saa ikigusa mara mbili na kunyamaza, ngozi haiwezi kutofautisha mguso wa saa na ule wa mashine. Ukiwa usingizini ni vigumu zaidi. Mkanda unalegea, saa inateleza juu ya kifundo, mkono unaangukia kwenye godoro, na sehemu ya mtetemo inamezwa na sponji. Anayetegemea mtetemo anahitaji uendelee mpaka yeye mwenyewe auzime kwa mkono. Tena usiwe wa kunyooka tu. Ngozi ikitetemeshwa mfululizo bila kubadilika huzoea, hisia ikafifia. Mtetemo wa kukatika, kwa mfano nusu sekunde ukiwaka na nusu sekunde ukizimika, unashtua kila mara unapoanza upya. Mota yenu inaweza hilo bila kubadilishwa, kwa kuwa ni suala la maagizo inayopewa.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonikasirisha zaidi. Betri ikishuka chini ya asilimia 20, saa inaingia yenyewe kwenye hali ya kuokoa betri. Katika hali hiyo mtetemo unazimwa wote, kengele zikiwemo, lakini sauti inaachwa. Taarifa inayotokea kwenye kioo inasema tu kwamba baadhi ya huduma zimepunguzwa. Haisemi kwamba kengele yako ya usiku haitakugusa. Mtu analala na asilimia 22, usiku inafika 19, na tayari kengele imekufa akiwa usingizini.

Naelewa kwamba mota hula umeme mwingi kuliko kile kispika kidogo. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Betri ya saa hii, kama mlivyoandika kwenye boksi, ni miliampia-saa 300. Asilimia 20 yake ni 60. Tuseme mota inakula miliampia 80, ambacho ni kiwango cha juu kwa mota ndogo za aina hii. Ikitetemeka dakika nzima bila kupumzika itatumia 80 gawanya kwa dakika 60 za saa moja, yaani miliampia-saa kama 1.3 hivi. Ukitoa 1.3 kwenye 60 zilizobaki, unabakiwa na zaidi ya 58. Kengele nzima ya kuniamsha haifikii hata nusu ya asilimia moja ya betri iliyojaa. Kioo kinachowaka kila ninapoinua mkono ndicho cha kuzimwa kwanza, na hicho mmekiacha. Kwa hiyo sababu ya kuokoa betri siikubali. Mngetaka kuokoa, mngezima mitetemo ya jumbe na matangazo, mkaacha ya kengele.

Niwape haki yenu pia. Kengele niliyotegesha kwenye saa yenyewe inaanza hata simu ikiwa mbali, kwa kuwa imehifadhiwa ndani ya saa. Hilo mmelifanya vizuri. Lakini vikumbusho vinavyotegeshwa kupitia programu ya simu havifiki saa ikiachana na simu. Mimi naacha simu chumbani na kufanya kazi kwenye banda la oveni nyuma ya nyumba, na kikumbusho cha kutoa mkate hakikufika. Sasa natumia kipima muda cha kwenye saa badala yake. Ila andikeni wazi ndani ya programu ni kipi kinakaa kwenye saa na kipi kinategemea simu, ili mwingine asiunguze mikate kwa kutojua.

Niliwaandikia ujumbe nikieleza haya yote. Jibu nililopata ni kwamba nipige simu kituo cha huduma kwa wateja. Nikajibu kwamba mimi ni kiziwi, sipigi simu. Jibu la pili likasema niombe mtu anipigie. Ndugu Meneja, mimi ndiye niliyelipa fedha, saa iko mkononi mwangu, na tatizo ninalijua mimi. Kwa nini nisemewe na mtu mwingine wakati najua kusoma na kuandika, na ujumbe wangu mlikuwa mmeshausoma? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake, na sidhani kama kuandika jibu kamili kungewagharimu chochote.

Ninachoomba ni kwamba mtoe sasisho la programu linalotenganisha sauti na mtetemo, kila kimoja kikiwa na swichi yake, na kimoja kisimwamulie mwenzake. Mtetemo wa kengele uendelee kwa kukatika mpaka uzimwe kwa mkono, na usipozimwa urudie baada ya dakika tano kama unavyorudia sauti ikiwa juu. Hali ya kuokoa betri isiguse kengele. Mkishindwa hilo kwa muda huu, basi angalau saa imwonye mtu kabla ya kulala kwa maneno yasiyo na utata: betri ni ndogo, kengele yako haitatetemeka.

Kama sasisho hilo haliwezekani kwa saa niliyonayo, naomba nirudishiwe fedha zangu, shilingi 185,000, nami niwarudishie saa na boksi lake. Risiti ninayo. Naomba pia mwondoe kwenye boksi yale maneno ya kukumbusha kwa mtetemo, kwa sababu kwa mtu aliyezima sauti si ya kweli. Nitasubiri siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu, nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na video tuliyoirekodi na mdogo wangu wakati wa majaribio, inayoonyesha saa ikiwa na sauti na ikiwa haina.

Usiku huu mdogo wangu atalala hapa kwangu ili aniamshe saa tisa na nusu, kisha saa kumi na moja aende kufungua kibanda chake. Hataweza kufanya hivyo kila siku.

Jibu lenu nitumieni kwa ujumbe wa maandishi kwa namba ile ile niliyowaandikia mwanzo. Msinipigie.

Wenu mteja,
Mwoka mikate, Morogoro.