Mistari mitatu baada ya Alfajiri: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Juzi uliponipigia ukaniambia mwaka huu unataka kuhifadhi juzuu mbili, Tabaraka na Qad Sami'a, juu ya Amma uliyotoka nayo chuoni, nilinyamaza ukadhani simu imekatika. Nilikuwa napiga hesabu.

Nina sababu. Katika umri wako mimi nilitia nia ya kuhifadhi Kurani nzima kwa mwaka. Msahafu una kurasa 604, maana yake karibu kurasa mbili kila siku, na hesabu hiyo sikuifanya. Niliishia katikati ya Al-Baqara. Hata hicho kidogo kiliniponyoka, kwa kuwa kila asubuhi nilikimbilia kipya na sikutenga siku ya kurudia.

Wewe anza na mwaka. Chukua msahafu wa Madina, wenye mistari 15 kwa ukurasa, na usiubadilishe, kwa sababu jicho nalo hukumbuka aya ilikaa juu au chini. Juzuu ya 28 na ya 29 zina kurasa 20 kila moja. Ukihifadhi ukurasa mmoja kwa wiki utatumia wiki 40, na zitabaki 12. Hizo zina wenyewe: Ramadhani itachukua nne, na nyingine ni za homa, safari na zile wiki za hospitali ambazo hupati usingizi. Ukiziandikia kazi mpya, mwaka wako umevunjika kabla ya mwezi wa tatu.

Ukurasa kwa wiki ni mistari 3 kwa siku tano. Ijumaa unanisomea ukurasa mzima kwa simu, nami nimeshika msahafu. Jumamosi unatengeneza palipovunjika. Zamu zako zinahama, basi usifunge mistari kwenye jina la siku. Hesabu asubuhi tano zozote kabla ya Ijumaa; ukitoka zamu ya usiku umechoka, hiyo si mojawapo.

Orodha ya siku iwe na mambo matatu tu: mistari 3 mipya, mistari ya jana bila kutazama, na ukurasa mmoja wa Amma. Amma ina kurasa 23, hivyo ndani ya mwezi utakuwa umeizunguka yote. Orodha hiyo usiitunge asubuhi kwa kufuata moyo unavyotaka. Itoke kwenye Ijumaa. Nikikusimamisha mara mbili, endelea na ukurasa unaofuata. Nikikusimamisha zaidi ya hapo, wiki inayokuja haina mistari mipya. Unarudia uleule, na unaikata kwenye zile wiki 12. Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa mkali kwa hili kuliko kwa kuchelewa.

Sasa mwezi, ambao wengi huuona ni wiki nne zilizojumlishwa. Sivyo. Mwezi unakuonyesha kosa ambalo wiki haiwezi kulionyesha. Mwezi wako wa kwanza ni ukurasa wa 562 hadi wa 565: Al-Mulk yote, na sehemu kubwa ya Al-Qalam. Katika Al-Qalam aya ya 15 utasoma kwamba mtu anaposomewa aya zetu husema ni hekaya za watu wa kale. Aya hiyohiyo, neno kwa neno, iko Al-Mutaffifin, ya 13, ambayo unaijua tangu utoto. Ukisoma ukurasa mmoja peke yake Ijumaa, ukiwa umeukariri wiki nzima, utapita salama. Ila ukiunganisha kurasa nne kwa mkupuo mmoja, ulimi utafika pale na kuendelea na "kallaa bal", na ghafla uko katika sura nyingine. Wala hutajua, kwa kuwa unachosoma ni Kurani sahihi.

Kwa hiyo alama ya mwezi isiwe "kurasa nne zimekwisha." Iwe hivi: umezisoma zote ndani ya sala, ukiwa imamu wa nafsi yako, bila kukwama. Ukichepuka, andika pembeni ya daftari jina la sura zote mbili, na hizo aya mbili ziingie kwenye orodha ya wiki inayofuata, uzisome moja baada ya nyingine pamoja na zinazofuatia, mpaka ulimi utofautishe njia.

Ikifika mwezi wa tano na una kurasa 14 badala ya 20, usijaribu kuzilipa kwa kusoma mistari 6 kwa siku. Punguza mwaka: maliza Tabaraka, na Qad Sami'a iende kadiri itakavyofika. Mimi sitakudai.

Ijumaa nitakupigia baada ya Isha, ila kama uko zamu niandikie mapema. Mama yako anasema ule mkeka wake bado uko kwako.

Baba yako