Barua kwa somo yangu kuhusu shairi la mvua

Tanga

Mpenzi somo,

Salamu nyingi, na natumaini wewe na watoto hamjambo. Sisi huku ni wazima. Shairi lako nimelisoma zaidi ya mara moja, pamoja na masharti ya shindano uliyoyanakili chini yake: maneno yasizidi 100, na taswira ya mvua iwemo. Umeniambia kwamba beti zako nne zilikuwa na maneno 104, ukapunguza manne, na sasa shairi linakubana kifua kila unapolisoma. Nadhani nimeona linakobana, na si pale ulipokuwa ukipakata maneno.

Tuanze na ubeti wa kwanza kama ulivyokuwa kabla hujaugusa:

Mvua kubwa ya masika, ilinyesha siku hiyo,
Na radi zikasikika, za kutisha kila moyo,
Maji yakamiminika, kwenye ile nyumba hiyo,
Mama akahuzunika, kwa majonzi ya mioyo.

Vina vimetimia na mizani ni nane kwa nane, hapo sina neno. Lakini hesabu maneno: ni 26. Kisha tazama ulichofanya ulipoambiwa upunguze. Uliondoa "Na" mwanzoni mwa mshororo wa pili, ukwapi, kile kipande cha kwanza, ukabaki na mizani saba, ukalazimika kuandika "Radi zikasikikaa" ili urudishe ya nane. Neno moja umeliokoa, lakini kina cha "ka" kimeharibika, na msomaji anajikwaa kwenye neno lililovutwa bila sababu. Ndivyo inavyokuwa kila mara tunapopunguza maneno madogo ndani ya tarbia: "na", "ya", "kwa" na "ni" huhesabiwa kuwa neno zima na waandaaji, ilhali katika shairi kila moja ni mizani moja tu. Ukiling'oa unapata nafuu ndogo kwenye hesabu yao na pengo kwenye hesabu yako, halafu unaliziba pengo kwa mazda, yaani kurefusha neno, ambayo sikio halikuiomba.

Jambo ambalo ningependa ulishike ni kwamba mizani na maneno ni hesabu mbili tofauti. Ubeti wa tarbia kama huu wako utakuwa na mizani 64 hata ukiwa na maneno 26 au 20, na pumzi ya msomaji hufuata mizani. Kwa hiyo unaweza kupunguza maneno mengi bila kufupisha pumzi hata kidogo, mradi upunguzaji huo utokane na vitenzi vyenye viambishi vyake, ambavyo katika lugha yetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Lisilopunguka kwa njia hiyo ni msongamano wa matukio. Katika ubeti wako mvua inanyesha, radi zinapiga, maji yanaingia na mama anahuzunika, yote ndani ya mishororo minne, na hakuna hata moja ninaloliona kwa macho. Huko ndiko kubana kunakotoka.

Nimejaribu kuuandika upya, nikitumia yale uliyonisimulia siku nyingi kuhusu sufuria iliyowekwa chini ya paa linalovuja. Usiuchukue kama ulivyo, maana shairi ni lako. Utazame tu kama mfano:

Mama nguo kaanua, kamba tupu kaiacha,
Sufuria kachukua, kukinga usiku kucha,
Kila tone likitua, kikohozi akificha,
Nililala nikijua, nami swali nikificha.

Mizani ni zile zile 64, lakini maneno ni 21. Neno "mvua" halimo, wala radi, wala mawingu, na bado sidhani kuna msomaji atakayeuliza kama kunanyesha. Kuanua nguo kumeshamwambia kwamba hali ya hewa imegeuka, kukinga kumemwambia kwamba paa linavuja, na tone linalotua kwenye sufuria limempa sauti ya kusikiliza mpaka mwisho wa ubeti. Tone hilo pia lina kazi nyingine: linamfichia mama kikohozi. Taswira iliyotakiwa na waandaaji imekuwa sehemu ya kisa, na ukiiondoa kisa chenyewe kinaanguka. Katika ubeti wako wa mwanzo mtu angeweza kuiondoa mvua akaweka moshi au njaa, na mama akabaki akihuzunika vilevile.

Utaona nimetumia inkisari mara tatu: "kaanua", "kaiacha" na "kachukua". Sizionei haya, kwa sababu watu husema hivyo hata wakipiga soga barazani, na kwa hiyo hazimsimamishi msomaji. Kipimo changu ni hicho tu: umbo lililofupishwa ambalo hujawahi kulisikia mdomoni mwa mtu, liache. Kadhalika "mamangu" ni neno moja halali mahali pa "mama yangu", lakini usiunganishe maneno kwa ujanja ili kompyuta ihesabu machache, maana waamuzi wataliona kuwa kosa la tahajia. Kurudia "ficha" katika mishororo miwili ya mwisho nimekusudia, ili mama na mtoto wafiche kwa neno moja. Ikiwa unahofia mwamuzi mkali wa vina, badilisha.

Kuhusu beti zinazofuata nina mawili. La kwanza, chagua mvua moja. Sasa hivi una masika katika ubeti wa kwanza, manyunyu katika wa pili na gharika katika wa tatu, kana kwamba uliogopa sharti halitatimia. Mvua ya usiku kucha inaafiki masika, basi ibaki hiyo hiyo, na beti nyingine ziifuate usiku ule ule: sufuria inajaa, inamwagwa, inarudishwa. Yale machozi yanayotiririka kama mvua katika ubeti wa tatu yafute kabisa. Shindano likishataka mvua, waamuzi watakutana na machozi ya namna hiyo hadi wachoke.

La pili ni kibwagizo. Mshororo wako wa mwisho una maneno sita na unarudiwa katika kila ubeti, kwa hiyo unakula 24, karibu robo ya ulichopewa, bila kuongeza habari. Ukiweka kiishio kinachobadilika, kama nilivyofanya hapo juu, unapata nafasi ya kusogeza kisa mbele.

Ukienda kwa kiasi cha maneno 21 kwa ubeti, beti nne zitakuwa na 84. Usijaze hayo 16 yaliyobaki kwa kuwa tu yapo, kwani sharti limesema yasizidi, halikusema yatimie. Tumia machache mahali pamoja tu: katika ubeti wa nne litaje neno "mvua" waziwazi, ikiwezekana pale inapoanuka, ili mwamuzi anayesoma kwa haraka asije akasema sharti halikutimizwa. Wakati huo sufuria haitoi tena sauti, na kikohozi hakina pa kujificha. Utaona mwenyewe mtoto atafanya nini na swali lake.

Kabla hujatuma, waulize waandaaji kama kichwa cha shairi kinahesabiwa, kwa maana masharti uliyoninakilia hayasemi. Kisha lisome kwa sauti mbele ya mtu asiyejua kisa, naye asiwe na karatasi mkononi. Popote atakapokuuliza "nani?" au "nini?", hapo umepunguza kupita kiasi, na ndipo pa kutumia akiba yako ya maneno.

Nitumie beti zote nne zikiwa tayari, hata kama vina havijakaa sawa.

Ni mimi, somo wako akupendaye.