Barua kwa rafiki: miguu na pumzi

Ilemela, Mwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku bara. Barua yako ya kutoka Ukerewe nimeipata kupitia kwa yule kijana wa meli, nami nimefurahi kusikia kwamba zahanati yenu sasa ina wahudumu wa afya ngazi ya jamii na kwamba wewe ndiye utakayewasimamia. Umeniuliza ni jambo gani moja ningewafundisha kabla ya mengine. Sitakujibu kwa orodha. Nitakusimulia kisa cha mama mmoja wa mwaloni kwetu na mhudumu aliyetambua dalili za moyo wake kuchoka, kwa sababu tangu siku ile nafundisha kwa kisa hicho.

Mama huyu ana miaka hamsini na kitu. Kazi yake ni kayabo: ananunua sangara, anapasua, anatia chumvi, anaanika, anauza kwa wachuuzi wanaopeleka mbali. Msimu wa masika uliopita akaanza kuvimba miguu. Ilianza kwenye vifundo, jioni tu, asubuhi imenywea. Baadaye ikawa haishuki hata asubuhi, na kandambili zikawa hazimwingii. Majirani wakasema amekanyaga kitu alichotegewa mwaloni, maana biashara yake ilikuwa inakwenda vizuri. Akapelekwa kwa mganga, akachanjwa. Kwenye duka la dawa akaambiwa ni mishipa, akapewa diklofenaki za kumeza. Pumzi nayo ilipoanza kumbana, akapewa vidonge vya pumu. Ona hapo: miguu ilikuwa na dawa yake, kifua kina dawa yake, na hakuna mtu aliyeviweka pamoja.

Mhudumu wetu wa kitongoji alifika pale kwa ajili ya mjukuu, mtoto aliyekuwa amechelewa chanjo. Akamkuta bibi ameketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, anasinzia saa nne asubuhi. Akamwamkia, “Mwangaluka, mayo.” Bibi akaitikia kwa vipande, akimeza hewa katikati ya maneno. Mhudumu akamaliza habari ya mtoto, kisha akauliza, “Mama, usiku unalala?”

Swali hilo ndilo nataka wahudumu wako walishike. Vitabu vinatufundisha kuuliza mgonjwa analalia mito mingapi. Huku kwetu nyumba nyingi hazina mito ya kuhesabu, na ukiuliza hivyo utajibiwa “mmoja” hata na mtu anayekesha amekaa. Mhudumu aliomba aonyeshwe kitanda. Upande wa kichwani kulikuwa na gunia la nguo kuukuu, juu yake nyavu zilizokunjwa, juu yake tena kitenge. Bibi akaeleza kwamba akilala chali anahisi kama anazama, hivyo anaegemea. Na hata akiegemea, usiku wa manane hushtuka amekabwa na pumzi, hutoka nje kukaa barazani mpaka itulie. Kikohozi pia kilikuwa kinamjia akilala, si mchana.

Kisha mhudumu akamgusa mguu. Si kwa kutazama tu, maana mtu mnene na mtu aliyevimba wanaweza kufanana. Alibonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, akashikilia kwa sekunde kama kumi, akaachia. Kikabaki kishimo. Akafanya hivyo mguu wa pili, kishimo vilevile, na akapanda juu taratibu mpaka karibu na magoti ndipo kikakoma.

Unajua kwa nini miguu kuvimba na pumzi kubana huenda pamoja, lakini wahudumu wanastahili kuelezwa sababu, si kukaririshwa dalili. Mimi huwaambia wafikirie mtu anayechota maji kutoka kwenye mtumbwi unaovuja: akichoka, maji hayaachi kuingia, yanajaa tu. Moyo uliochoka haujasimama, ila hausukumi damu yote inayoufikia. Damu inarudi nyuma na kubanana kwenye mishipa, maji yanachuja kutoka ndani yake na kushuka mahali pa chini kabisa, yaani miguuni. Mgonjwa akilala, sehemu ya maji yale hurudi kwenye mzunguko, mapafu yanalowa, ndiyo ile hisia ya kuzama. Figo nazo, zikipata damu kidogo, zinadhani mwili una upungufu wa maji, basi zinazuia chumvi na maji visitoke. Tatizo linajilisha lenyewe.

Ndiyo maana diklofenaki ilimwumiza badala ya kumsaidia. Dawa za kundi hilo, na ibuprofeni imo, hufanya figo zibakize chumvi na maji, na zinapandisha presha. Mguu unauma kwa sababu umejaa maji, mtu anakunywa kidonge cha maumivu, maji yanaongezeka, mguu unauma zaidi. Nimeliona hili mara nyingi, na linanisikitisha kila mara, kwa sababu mgonjwa anakuwa amelipia kuzidiwa kwake. Na huyu mama alikuwa anashinda kwenye chumvi, anakula kayabo mchana na dagaa wa chumvi usiku.

Mhudumu hakusema “una ugonjwa wa moyo.” Si kazi yake, na hakuwa na kipimo cha kumpa uhakika. Aliuliza mambo machache ya kutenganisha. Kilichotangulia kuvimba ni tumbo au miguu? Kwenye kisiwa chenu hili ni muhimu sana, kwa kuwa kichocho cha tumbo kikiharibu mishipa ya ini, tumbo hujaa maji kwanza, na miguu hufuata ikiwa itafuata. Uso je, unavimba asubuhi na mkojo unatoka povu? Hapo ningewaza figo. Ndani ya kope ni peupe? Upungufu mkubwa wa damu nao huleta miguu ya kuvimba na pumzi fupi. Kuna dawa ya presha anayotumia? Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu peke yake, ila haimfanyi mtu akeshe barazani akitafuta hewa. Majibu ya bibi: miguu ilitangulia, uso uko sawa, kope ni nyekundu, na dawa za presha alipewa miaka ya nyuma, zikaisha, akajiona mzima, akaacha.

Kwenye fomu ya rufaa aliandika sentensi moja ambayo bado ninayo: “Miguu yote miwili inabonyea hadi karibu na magoti, hawezi kulala chali, anaamka usiku kwa kukosa pumzi, aliwahi kuambiwa ana presha.” Akapiga simu, akatafuta bajaji, akasisitiza asilazwe kwenye kiti cha nyuma bali akae wima.

Alipofika kwetu zahanati presha ilikuwa 184/112, mapigo 116 kwa dakika, anapumua mara 30, oksijeni asilimia 90. Chini ya mapafu yote mawili nikasikia ile sauti ya vitu vidogo vinavyopasuka. Tulimkalisha, tukamwekea oksijeni, tukampa frusemaidi sindano ya miligramu 40 kwenye mshipa, tukaita gari la wagonjwa. Kabla gari halijafika alikuwa ameshakojoa mara kadhaa na ameanza kuongea sentensi nzima. Baadaye alifanyiwa kipimo cha ekokadiografia kule hospitali ya Bugando. Chumba cha kushoto cha moyo kilikuwa kimetanuka, na kila pigo lilitoa asilimia 30 tu ya damu iliyomo, wakati moyo mzima hutoa kama 55 au zaidi. Sababu iliyoandikwa: presha ya muda mrefu isiyotibiwa.

Alirudi kijijini na frusemaidi, enalapili, karvediloli na spironolaktoni. Hapa ndipo kazi ya mhudumu ilipoanza upya, na mimi naiona ngumu kuliko kumtambua. Wiki ya pili akagundua kwamba frusemaidi hainywewi. Bibi alieleza bila kuficha: mwaloni hakuna choo cha karibu, na ile dawa inamkojoza kila mara mbele ya wanaume wa mitumbwi. Mhudumu akaniuliza kama saa zinaweza kubadilishwa. Zinaweza. Kazi ya kidonge kile hudumu kama saa sita, kwa hiyo siku za mwaloni anakinywa akirudi nyumbani saa nane mchana, siku nyingine asubuhi. Kisichofaa ni kukinywa usiku, maana hatalala, au kukiruka kabisa.

La pili ni uzito. Nyumbani hana mizani, lakini mwaloni ipo ile ya jukwaa wanayopimia samaki. Mhudumu akaongea na mwenye mizani, na bibi anapanda pale asubuhi akiwa ameshakojoa na hajanywa chai, khanga ileile. Alitoka hospitali na kilo 59, kutoka 68 aliyokwenda nazo. Tofauti ile yote karibu ni maji. Kanuni waliyoandika kwenye daftari: uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, aje zahanati siku hiyohiyo, asingoje miguu ivimbe. Uzito hutangulia, miguu hufuata, pumzi huwa ya mwisho.

Na kanuni hiyo imeshafanya kazi. Mwezi uliopita kulikuwa na msiba upande wa mumewe, akakaa siku kadhaa akila chakula cha jungu kubwa chenye chumvi, na dawa alizisahau nyumbani. Aliporudi mizani ikasema 62. Hakuwa anahema bado. Alikuja kwa miguu yake, tukamrekebishia dozi, hakulazwa.

Kuhusu yule mzee wako uliyeniandikia, mwenye mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma: huo usiuweke kwenye habari hii. Mguu mmoja, wa ghafla, wenye joto na maumivu unaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, au maambukizi, na kwa vyote hivyo anahitaji kuonwa upesi hospitalini Nansio. Lakini yule mama uliyemtaja mwishoni, aliyejifungua miezi miwili iliyopita, ambaye mama mkwe anasema kuvimba na kuhema ni uchovu wa uzazi, huyo ananitia wasiwasi zaidi. Moyo unaweza kushindwa mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, hata kwa binti ambaye hajawahi kuugua. Tafadhali mtume mhudumu kwake leo, atazame kitanda chake na kubonyeza miguu yake, kisha unijulishe kwa simu, usingoje meli.

Rafiki yako wa siku zote,
Ilemela