Dada hataki tuzime tangazo, mimi hesabu inanikataa

Shangazi, shikamoo.

Mimi na dada yangu tuna ofisi ya ushonaji hapa Morogoro. Mimi nakata na kushona, yeye anashika simu na hela. Tangu mwanzo wa mwaka tunalipia tangazo Instagram, shilingi 5,000 kila siku, na sasa hatusalimiani vizuri kwa sababu yake.

Mwezi uliopita nilichukua daftari nikapiga hesabu. Tangazo lilikula 150,000. Meseji ziliingia zaidi ya 200, na dada alikuwa akinionyesha simu kwa furaha. Nyingi ni "bei gani?" kisha kimya. Nyingine zimetoka Bukoba na Mtwara, maana tangazo lilikuwa limeachwa lionekane nchi nzima. Mmoja alijipima mwenyewe, tukamshonea, tukatuma kwa basi. Gauni likarudi, kifua kimebana, nikafumua bure.

Waliofika ofisini wakapimwa na kutoa advansi ni tisa. Gauni la kitenge tunashona kwa 35,000. Nikitoa bitana, zipu, uzi, umeme na kodi, inabaki kama 15,000. Mara tisa ni 135,000. Yaani tumefanya kazi mwezi mzima, na tangazo limetudai 15,000 juu.

Nilipomwonyesha, dada alivua futi shingoni, akaiweka juu ya cherehani, akaniuliza: "Na wale wa kikoba?"

Hapo ndipo penye ugomvi. Mmoja wa wale tisa alirudi na wenzake 14 wa kikoba, wakashona sare. Tulibaki na 168,000. Dada anasema hao wote ni wa tangazo. Mimi nasema yule mama anasali na mama yetu, angekuja tu. Ukweli ni kwamba hatukumuuliza alitujuaje, na sasa tukimuuliza atajibu kwa adabu, si kwa kumbukumbu.

Nilipendekeza tuzime mwezi mmoja tuone. Dada akasema nataka kuua ofisi, tena Krismasi imekaribia. Nikiri hapo ana hoja: Desemba watu huja wenyewe, Januari ni sare za shule. Tukizima sasa kazi isipungue, nitajisifu bure. Tukiliacha mpaka Machi, kazi ikidorora, nitamlaumu yeye bure.

Nimefikiria tuliache tangazo lionekane Morogoro tu, na kila anayepimwa tuandike pembeni ya vipimo vyake ametoka wapi. Dada anaona namfanyia upekuzi, kwa kuwa simu na hela ni zake.

Shangazi, wale 14 niwahesabu wapi? Na hilo la daftari nimwambieje dada asione namwita mwizi? Ndiye aliyenifundisha kukata.

Fundi, Morogoro