Mchezo wa kumwanzishia Jaja kwenye tableti

Sanyu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kampala. Umependekeza mzee wetu Jaja aanze na omweso, mchezo wetu wa bao, kwenye simu kwa kuwa anaujua tangu utotoni. Mimi ningesubiri. Ubao wa omweso una mashimo 32, mistari 4 ya mashimo 8. Kwenye simu iliyoshikwa wima yenye upana wa sentimita 7, kila shimo halifiki sentimita moja, na kidole chake kinachotetemeka kitaangukia shimo la jirani. Ataona kama mchezo umemtoka kichwani, kumbe ni kioo tu. Omweso aendelee kuucheza kwenye ubao wa mbao, kete anazipapasa kwa vidole.

Mwanzishe na kadi za kutafuta jozi: unafunua mbili, zikifanana zinabaki wazi. Chagua kiwango cha kadi 6, usichague kile chenye saa. Kwenye tableti ya inchi 10 iliyowekwa kwa upana, kadi moja inafika kama sentimita 7. Picha ziwe kubwa na zitofautiane waziwazi, kwa mfano embe la njano na kikombe cheupe juu ya rangi nyeusi. Ndege wawili wanaotofautiana mdomo tu watamchosha macho bure. Michezo ya kuburuta vitu iache kabisa. Mkono ukitetemeka, kidole kinaachia kioo katikati ya safari na kipande kinarudi kilikotoka.

Kama tableti ni Samsung, fungua Settings, kisha Accessibility, kisha Interaction and dexterity. Washa Ignore repeated touches, maana mtetemo hugusa mara mbili pale Jaja alipokusudia mara moja. Anza na nusu sekunde. Kadi ikiendelea kujifunua na kujifunika, ongeza kidogo kidogo. Tap duration iguse kwa tahadhari. Inadai kidole kitulie kwanza ndipo mguso uhesabiwe, kwa hiyo inapuuza kiganja kinachopita tu, lakini ukiirefusha mno kidole chake kitaruka kabla ya muda na kioo kitaonekana kimekufa. Sekunde 0.2 zinatosha kwa kuanzia.

Tableti ilale mezani juu ya kitambaa chenye unyevu isiteleze, kifundo cha mkono kiegemee meza, na mwanga wa dirisha usiakisi kiooni. Kioo kikigoma ilhali amegusa vizuri, huenda ngozi ya kidole ni kavu, jambo la kawaida uzeeni. Apanguse kidole kwa kitambaa kibichi.

Kinachowashinda wazee wengi hasa ni matangazo, maana alama ya kuyafunga ni ndogo kama punje ya mtama. Pakua mchezo, kisha zima intaneti ili matangazo yasiingie, na uufungue. Ukikataa kufunguka bila bando, ufute, tafuta mwingine.

Niandikie tableti ni ya aina gani, kwa sababu zisizo Samsung zina majina mengine kwenye menyu hizo.

Wako,
Kato