Barua ya malalamiko: Ruta iliachwa kwenye Dynamic IP ilhali laini yenu ni ya PPPoE

Kondele,
Kisumu.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Tawi la Kisumu.

Kwa Bwana/Bibi,

KUH: KUKOSA INTANETI BAADA YA RUTA KURISETIWA KWA MAAGIZO YENU

Nina saiba hapa Kondele na ninatumia faiba yenu ya biashara. Mwezi wa Juni mliniacha bila intaneti karibu wiki nzima, katika siku zile watu wanapanga foleni kujaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Kebo haikuwa imekatika, wala ruta haikuwa imeharibika. Kilichokuwa kimebadilika ni chaguo moja tu kwenye ukurasa wa ruta, na lilibadilika kwa sababu mhudumu wenu aliniagiza nifanye jambo lililolibadilisha.

Siku hiyo intaneti ilikuwa inavuta polepole, nikawapigia simu. Mhudumu akaniambia nichukue pini, nibonyeze kitufe cha Reset mpaka taa zote zizime na kuwaka upya. Angeweza kuniambia nichomoe ruta kwenye umeme, ningoje kidogo, kisha niirudishe. Kufanya hivyo hakufuti kitu. Reset hufuta kila kilichoandikwa na kuirudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Jina la waifai lilirudi kuwa lile la kwenye stika, na kwenye ukurasa wa WAN aina ya muunganisho ikarudi kuwa Dynamic IP. Jina la mtumiaji na nywila ya PPPoE, ambavyo fundi wenu aliviandika mwenyewe siku ya kufunga laini, vikapotea. Mimi sikuwahi kupewa vitu hivyo, hata kwenye karatasi.

Nilipowapigia tena niliwasomea dalili zote. Kwenye kile kiboksi cha faiba ukutani taa ya PON ilikuwa kijani bila kupepesa, na LOS ilikuwa imezima. Kompyuta na simu zilishika waifai bila shida. Lakini ukurasa wa hali ya ruta, upande wa WAN, ulionyesha hivi:

```
Connection Type: Dynamic IP
IP Address: 0.0.0.0
```

Kwa mtu wa kazi hii, hayo yalitosha. Faiba iliyokatika huwasha LOS nyekundu. Hapa mwanga ulikuwa unafika, na waifai ilikuwa inafanya kazi ndani ya chumba. Ruta ndiyo iliyokosa anwani. Ikiwa kwenye Dynamic IP, ruta huomba anwani kwa njia ya DHCP, bila kutoa jina wala nywila, na kungoja seva ya mtoa huduma iijibu. Kwenye laini yenu hakuna seva inayojibu ombi la namna hiyo. Seva yenu husubiri ruta ifungue kikao cha PPPoE, itume jina la mtumiaji na nywila, vikaguliwe, ndipo itoe anwani. Kwa hiyo ruta yangu ingeomba mpaka mwisho wa mwaka ikabaki na 0.0.0.0. Mhudumu wenu, baada ya kusikia yote hayo, alinijibu kwamba kuna kebo imekatwa upande wa Mamboleo na nivumilie.

Fundi mliyemtuma alipima mwanga, akaona uko sawa, akasema ruta imeungua ninunue nyingine. Sikununua. Niliipeleka kwa jirani mwenye duka la dawa, ambaye anatumia kampuni nyingine, nikaichomeka mahali pa ruta yake bila kugusa mpangilio wowote. Intaneti iliingia papo hapo, kwa kuwa kampuni hiyo hutoa anwani kwa Dynamic IP. Nilipomweleza fundi wenu, badala ya kujiuliza kwa nini mpangilio uleule unakubaliwa pale na kukataliwa hapa, aligeuka akasema basi kebo ndiyo mbaya. Aliibadilisha ile fupi itokayo kwenye kiboksi kwenda kwenye ruta, akanitoza shilingi 1,500, akaondoka. Anwani ilikuwa bado 0.0.0.0.

Lililoniudhi zaidi lilikuja siku iliyofuata. Mhudumu mwingine aliniuliza kama nina picha ya ukurasa wa ruta kutoka siku za nyuma. Nilikuwa nayo kwenye simu. Akaniambia nichague Static IP na ninakili humo anwani, barakoa ya mtandao, lango na DNS kama zilivyo pichani. Nikafanya hivyo, na ruta ikaandika kwamba imeunganishwa! Akanipongeza, akafunga tikiti. Hakuna tovuti hata moja iliyofunguka. Ruta iliyo kwenye Static IP haimwombi mtu yeyote anwani, inatumia ile uliyoandika na kujitangaza kuwa iko hewani maadamu kebo imechomekwa. Anwani ile ya pichani ilikuwa imetolewa kwa kikao cha PPPoE kilichokwisha kufa, na nje ya kikao haina kazi. Static IP ni ya mteja ambaye mtoa huduma amemwandikia tarakimu zake na kumwambia azitumie. Mtu hawezi kuziokota kwenye picha ya zamani. Na kwa kuwa mfumo wenu ulionyesha tikiti imefungwa, nililazimika kuanza malalamiko upya.

Hatimaye alikuja fundi wenu mwingine, kijana. Huyo hakufungua hata mfuko wa vifaa. Aliuliza nambari ya akaunti, akapiga simu ofisini, akasomewa jina la mtumiaji na nywila, akachagua PPPoE, akaviandika na kubonyeza Connect. Anwani ilitokea kabla hajakaa chini. Nilimuuliza ingekuwaje kama nywila ingekuwa na kosa. Akasema ruta ingeonyesha kwamba uthibitisho umekataliwa, na hiyo ni dalili tofauti kabisa na kimya nilichokuwa nakiona. Nawaomba mumtumie huyo kuwafundisha wenzake.

Ninachodai ni hiki. Kwanza, mnirudishie zile shilingi 1,500 na mpunguze ankara ya mwezi huo kwa siku zote ambazo laini haikuwa na kazi. Pili, mnipe kwa maandishi aina ya muunganisho wa laini yangu pamoja na jina la mtumiaji na nywila ya PPPoE. Nilipoviomba kwa simu niliambiwa ni siri ya kampuni. Akaunti ni yangu na mimi ndiye ninayeilipia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma anayonunua. Tatu, mhudumu asimwagize mteja wa PPPoE abonyeze Reset kabla ya kuhakikisha kwamba jina na nywila viko tayari mezani. Akitaka tu ruta izime na kuwaka, aseme ichomolewe kwenye umeme.

Nimeambatisha picha za ukurasa wa ruta ikiwa kwenye Dynamic IP, ikiwa kwenye Static IP na baada ya PPPoE kurudishwa, pamoja na risiti ya malipo ya fundi. Nambari ya akaunti imo kwenye nakala ya ankara. Nangoja jibu la maandishi katika siku 14. Nisipolipata, nitapeleka barua hii na viambatisho vyake kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Wako mwaminifu,

Mwenye saiba, Kondele